Kwa nini tarakimu hutawanyika kwenye meseji, na jinsi ya kuzipanga

Kahawa ya Namswea, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mbinga, hupitia kwenye mizani ya chama cha msingi. Siku hizi, karani akishafunga daftari au jedwali la siku, kazi ya pili ni kutuma orodha kwenye kundi la WhatsApp ili kila mkulima aone kilo zake. Maswali yaliyonifikia karibu yote yanahusu hatua hiyo ya pili. Kwenye Excel safu zimenyooka, lakini zikibandikwa kwenye meseji zinakwenda mrama. Nimeyajibu hapa kwa kufuata mfano mmoja. Majina, uzito na bei ni vya mfano tu.

“Mwandishi, mimi ni karani wa chama cha msingi. Nikinakili orodha kutoka kwenye Excel na kuibandika WhatsApp, namba zinasogea. Je, ni kosa la simu yangu?”

Hapana, ndugu karani, simu haina kosa. Kwenye Excel, kilichokuwa kinazishika namba zako mahali pake ni visanduku vya jedwali, si namba zenyewe. Unaponakili na kubandika mahali panapopokea maandishi matupu, visanduku havisafiri. Kati ya kisanduku na kisanduku hubaki alama moja isiyoonekana, ile ya kitufe cha `Tab`, na mwisho wa kila mstari hubaki alama ya kuanza mstari mpya. Programu ya meseji haijui kwamba alama ile ya `Tab` ilikuwa ukuta wa safu. Huionyesha kama nafasi, au mruko mfupi, kisha inaendelea na neno linalofuata.

Tuchukue siku moja ya mizani. Wakulima wanne wameleta kahawa. Wengine wameleta mbivu, wengine ya maganda, wengine zote mbili. Ikishabandikwa, orodha husomeka takribani hivi:

```
Jina Mbivu Maganda
Hyera 48.5
Ndunguru 126 31.5
Komba 84
Mapunda 9.5 112
Jumla 184 227.5
```

Tazama mstari wa Komba. Hakuleta mbivu hata kilo moja, kwa hiyo kisanduku chake cha kwanza kilikuwa kitupu. Kilo 84 zake ni za maganda. Lakini kwenye meseji namba hiyo imekaa pale pale ilipokaa 48.5 ya Hyera, ambayo kweli ni mbivu. Hata pale `Tab` mbili zinapoacha mwanya mkubwa kidogo, macho ya msomaji hayawezi kuutambua kama safu iliyorukwa.

Sasa tuweke bei ya mfano: shilingi 1,500 kwa kilo ya mbivu na shilingi 7,000 kwa kilo ya maganda. Kilo 84 za maganda ni shilingi 588,000. Anayezisoma kama mbivu atapata shilingi 126,000. Tofauti ni shilingi 462,000, na imetokana na kisanduku kitupu kilichopotea njiani. Ndiyo maana nasema suala hili si la urembo. Mkulima anayeiona orodha hiyo jioni, akiwa nyumbani na stakabadhi haipo mkononi, ana haki kabisa ya kushtuka na kudhani amepunjwa.

Kwa hiyo la kwanza, hata kabla ya kugusa mpangilio, usiache kisanduku kitupu. Weka `-` au `0`. La pili, zipe namba zote za safu moja idadi ileile ya desimali. Excel ikiachwa yenyewe huandika 126 badala ya 126.0, na 112 badala ya 112.0. Namba moja ikiwa na nukta na nyingine haina, hakuna namna nukta zitakavyokaa chini ya nukta, hata ukitumia fonti gani.

“Basi nikaamua kuongeza nafasi kwa mkono. Kwangu zilinyooka kidogo, kwa mwenyekiti zimepinda. Inakuwaje?”

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Fonti za kawaida za simu hazizipi herufi zote upana sawa. Herufi i ni nyembamba, m ni pana, na nafasi tupu ina upana wake. Hufanywa hivyo kwa makusudi, kwa sababu maneno yanasomeka vizuri zaidi namna hiyo. Ila kwa safu za namba ni balaa.

Chukua Arial, fonti ambayo karibu kila kompyuta inayo. Ukigawa ukubwa wa fonti katika sehemu 1,000, tarakimu moja huchukua sehemu 556, herufi m huchukua 833, i huchukua 222, na nafasi tupu huchukua 278. Maana yake nafasi moja ni nusu ya tarakimu moja. Ukitaka 9.5 ya Mapunda ikae chini ya 126.0 ya Ndunguru, unahesabu kwamba zimepungua tarakimu mbili mbele, unaweka nafasi mbili, na unategemea mambo yamekwisha. Kumbe nafasi mbili zimejaza upana wa tarakimu moja tu. Namba bado imesogea kushoto.

Mtu mjanja atasema, basi tuweke nafasi mbili kwa kila tarakimu. Kwenye Arial ingekubali. Lakini simu nyingi za Android hutumia Roboto, ambako nafasi si nusu kamili ya tarakimu, na baadhi ya watengenezaji wa simu huweka fonti zao wenyewe. Kwenye iPhone mambo ni tofauti tena, kwa kuwa katika fonti yake ya kawaida tarakimu 1 ni nyembamba kuliko wenzake. Nafasi ulizozihesabu kwa jicho kwenye simu yako zilikuwa sahihi kwa simu yako. Mwenyekiti ana fonti nyingine, au ameongeza ukubwa wa maandishi, na hesabu yako haimhusu.

Na hayo ni ya tarakimu tu. Majina ndiyo yanayovuruga zaidi. Hyera na Komba yote yana herufi tano. Kwenye Arial, Hyera huchukua sehemu 2,667, na Komba 3,168. Tofauti ni 501, karibu upana wa tarakimu nzima. Ukiweka nafasi idadi ileile baada ya majina yote mawili, namba ya Komba itaanzia mbali zaidi kulia, na huwezi kuirekebisha sawasawa kwa sababu nafasi za 278 haziwezi kujaza pengo la 501. Moja ni pungufu, mbili zinazidi.

Dawa ni kutumia maandishi ya upana mmoja, yaani fonti ambayo kila herufi, kila tarakimu, nukta, kistari na nafasi tupu vina upana uleule. Kwenye Courier, kwa mfano, kila alama ni sehemu 600, iwe i au m. Hapo kuhesabu kunakuwa na maana: ukihesabu herufi, umeshahesabu upana. Wazee waliopiga taipureta ofisini waliishi katika utaratibu huo, na risiti ya mashine ya EFD bado hufuata utaratibu huo. Ndiyo maana bei kwenye risiti hujipanga upande wa kulia bila jedwali lolote.

“Nayapataje hayo maandishi ya upana mmoja ndani ya WhatsApp?”

Weka mikato mitatu ya nyuma mwanzoni mwa orodha na mitatu mwishoni. Mkato wa nyuma ni alama hii: `. Usiuchanganye na alama ya king’ong’o tunayoiandika katika neno ng’ombe. Kwenye kibodi ya kompyuta huwa kushoto kwa namba 1. Kwenye kibodi ya Gboard ya Android, gusa `?123`, kisha `=\<`, utauona safu ya juu. Kwenye iPhone, gusa `123`, halafu kandamiza alama ya king’ong’o bila kuachia, nao utajitokeza kati ya chaguo.

Unaandika hivi:

````
```Jina      Mbivu Maganda
Hyera      48.5       -
Ndunguru  126.0    31.5
Komba         -    84.0
Mapunda     9.5   112.0
Jumla     184.0   227.5```
````

Ukishatuma, mikato hutoweka na orodha huonekana kwa herufi za upana mmoja. Ikiwa mikato bado inaonekana kwa mpokeaji, ni kwamba upande mmoja umepungua mkato, au umetumia alama nyingine inayofanana nayo. Njia nyingine ni kuteua maandishi yote kwa kidole, kufungua menyu inayotokea, na kuchagua `Monospace`. Telegram nayo inaelewa mikato mitatu.

Sasa rudi kwa Komba. Kistari kimekaa chini ya Mbivu, na 84.0 imekaa chini ya Maganda. Hakuna anayehitaji kuuliza.

Angalia pia kwamba majina yameanzia kushoto na namba zimeegemea kulia. Jicho hulinganisha namba kwa kutazama mwisho wake: mamia chini ya mamia, makumi chini ya makumi. Namba zikiegemea kushoto, hata kwa fonti ya upana mmoja, 9.5 na 112.0 huanza mahali pamoja na mtu anayepitisha macho haraka anaziona karibu sawa. Fonti imekupa viboksi sawa vya kuhesabia, lakini kuziegemeza namba ni kazi yako wewe.

“Nipo Mbamba Bay, nanunua dagaa kwa wavuvi na kuandika orodha moja kwa moja kwenye simu. Nikigonga nafasi mara mbili, inaweka nukta. Nifanyeje?”

Dada, swali lako ni zuri, kwa sababu hili huharibu orodha za watu wengi bila wao kujua. Kibodi za simu zimewekewa mazoea kwamba ukigonga nafasi mara mbili baada ya neno, umemaliza sentensi, basi huweka nukta yenyewe. Kwenye orodha ya ndoo na shilingi nukta hiyo ni hatari: “Liuli 12. 40” inaweza kusomwa kama desimali. Kwenye Gboard ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya `Text correction`, uzime kipengele cha nafasi mbili kuwa nukta. Kwenye iPhone kipo kwenye `Settings`, `General`, `Keyboard`, kimeandikwa `"." Shortcut`.

Hata ukikizima, sikushauri kuhesabu nafasi kwa kidole kwa orodha inayozidi mistari michache. Andika kwenye Excel au Google Sheets, ambayo hufanya kazi hata kwenye simu, uiachie fomula ihesabu. Majina au bandari ziwe safu ya A, namba ziwe B na C, kisha kwenye D1 weka hii:

```
=LEFT(A1&REPT(" ",8),8)
&RIGHT(REPT(" ",7)&IF(B1="","-",TEXT(B1,"0.0")),7)
&RIGHT(REPT(" ",8)&IF(C1="","-",TEXT(C1,"0.0")),8)
```

Sehemu ya kwanza huchukua jina, huliongezea nafasi nane nyuma, kisha hukata herufi nane za mwanzo. Jina lolote, fupi au refu, hutoka na herufi nane kamili. Sehemu ya pili hufanya kinyume: huweka nafasi saba mbele ya namba, kisha huchukua alama saba za mwisho, na hivyo namba hujiegemeza kulia. Kisanduku kikiwa kitupu, huweka kistari. Ya tatu ni hiyohiyo kwa upana wa nane. Vichwa vya safu, kama Mbivu na Maganda, hupita humohumo bila kubadilika, kwa hiyo fomula ianze mstari wa kwanza. Buruta chini hadi mstari wa jumla, nakili visanduku vya D peke yake, bandika katikati ya mikato sita.

Usishtuke orodha ikionekana imepinda ukiwa bado kwenye Excel. Excel yenyewe inakuonyesha kwa fonti ya kawaida. Badilisha fonti ya safu ya D kuwa `Courier New` na utaiona ikinyooka papo hapo. Hicho pia ni kipimo kizuri kabla ya kutuma.

Kuna tahadhari moja ambayo naomba uitilie maanani. `LEFT` ikikata jina refu, kila mtu ataona kwamba jina limekatwa. `RIGHT` ikikata namba, hakuna atakayeona, kwa sababu inakata mbele. Ukiweka upana wa 4 badala ya 7, ile 126.0 yenye alama tano itatoka 26.0, nadhifu na imenyooka, na kilo 100 za Ndunguru zimepotea. Upana wa safu uwe mkubwa kuliko namba ndefu kuliko zote, ukijumlisha nukta na koma, tena uzidi kwa angalau moja ili safu zisigusane. Namba ndefu kuliko zote huwa kwenye mstari wa jumla, na huo ndio watu husahau kuuhesabu. Kisha jumlisha kwa kikokotoo namba zilizo kwenye meseji yenyewe. Kwenye mfano wetu, 48.5, 126.0 na 9.5 ni 184.0, na 31.5, 84.0 na 112.0 ni 227.5. Zisipolingana na jumla iliyoandikwa, usitume.

“Nimefuata yote, nikaongeza na safu ya malipo. Sasa kila mstari unakatika katikati na imekuwa vurugu kuliko mwanzo.”

Kila mstari wako umezidi upana wa kioo. WhatsApp ikikuta mstari mrefu huuvunja na kuupeleka chini, na ukishavunjika, safu zimekwisha. Fonti ya upana mmoja haiwezi kuokoa hilo. Kwa kweli huliongeza, maana herufi nyembamba sasa zinachukua nafasi kubwa kuliko kawaida.

Orodha yetu ina alama 23 kwa mstari: nane, saba na nane. Ukiongeza malipo, jumla yake ni shilingi 1,868,500, alama tisa pamoja na koma, hivyo safu inahitaji 10. Sasa ni 33. Printa ndogo za risiti za karatasi ya milimita 58 kwa kawaida huchapa herufi 32 kwa mstari, na hata hapo ungezidi. Simu ndogo, au simu ya mzee aliyekuza maandishi, hubeba pungufu ya hapo.

Usikisie. Andika ndani ya mikato mitatu `1234567890` mara nne mfululizo bila nafasi, mtumie mwenye simu ndogo kuliko wote kundini, umuulize mstari umevunjika baada ya tarakimu ya ngapi. Hiyo ndiyo bajeti yako ya upana. Mimi huanza na 24 nisipojua.

Ukizidi, punguza kwa njia hizi. Tumia namba ya uanachama badala ya jina. Namba za tarakimu nne zina urefu mmoja, zinaokoa alama nne kwa kila mstari, na pia hazitangazi mbele ya kundi zima nani amepata shilingi ngapi, jambo ambalo ningelizingatia hata kama nafasi ingetosha. Fupisha vichwa vya safu, lakini uandike juu ya orodha maana ya kila kifupisho. Au tuma orodha mbili: moja ya kilo, nyingine ya malipo, kila moja ikiwa na jina au namba ya mkulima mwanzoni. Ikiwa jedwali lina safu tano au sita, acha meseji kabisa, tuma PDF. Picha ya jedwali ni chaguo la mwisho kwangu: haiwezi kunakiliwa namba zake, WhatsApp huipunguza ubora, na mwenye kifurushi kidogo anaweza asiifungue. Lakini picha inayosomeka ni bora kuliko orodha ya maandishi iliyovunjika.

“Na wanachama wenye kiswaswadu?”

Kwenye SMS hakuna maandishi ya upana mmoja. Mikato itaonekana kama ilivyo, na ina gharama yake. Mkato wa nyuma haumo katika seti ya kawaida ya herufi za SMS, ile inayoruhusu herufi 160 kwa meseji moja. Ukiutia, simu inaweza kuhamia seti nyingine ambayo meseji moja hubeba herufi 70 tu, na unakatwa meseji mbili au tatu kwa kitu kilichotosha moja.

Kwa hao, achana na safu. Kila namba itembee na jina lake, mkulima mmoja kwa meseji moja:

```
Komba: mbivu 0, maganda kg 84.0, malipo sh 588,000
```

Herufi hizo hazifiki 60, na zinasomeka kwenye simu yoyote. Hata kwenye kundi la WhatsApp, kukiwa na ubishi juu ya mkulima mmoja, huu ndio mstari wa kumjibu nao, si kutuma tena orodha nzima.